Rapo fupi ya ASP kwa okluzyo ya utumbo mdogo: maswali ambayo bastajere wanarudilia kila mara

Haya ni maswali ambayo bastajere wa radio na wa upasuaji hapa Bukavu wanauliza kila rotasyo mbele ya negatoskopu. Yote yanazungukia mfano mmoja wa kufundishia, tumeutunga, hauko wa mgonjwa fulani: mama wa miaka 34, amezaa kwa sezariene mara mbili, anatoka Idjwi kwa mtumbwi, tumbo limemuuma karibu masaa 30, maumivu yanakuja yanaenda, anatapika maji ya kijani, na tangu jana jioni hajapitisha ata gesi. Amepigwa ASP mbili, moja amelala chali na moja amesimama. Rapo yake kamili iko kwenye swali la 5.

## Mwanzo kabisa

1. ASP ya okluzyo inajibu swali gani, na gani haijibu?

Inajibu vizuri maswali matatu: je utumbo umepanuka, ni utumbo mdogo ao koloni, na kuko hewa huru nje ya utumbo ao hapana. Basi. Mara nyingi haioneshi ni nini kimeziba, haioneshi vizuri sehemu kamili ya kuziba, na haiwezi kukuambia kama ukuta wa utumbo ungali unapata damu.

Hii ndio sababu rapo inatakiwa kuwa fupi. Stajere anayeandika ukurasa muzima juu ya ASP mara nyingi anajaza kwa mambo ambayo picha haijasema, na dokta wa upasuaji anayesoma saa saba ya usiku anatafuta mistari mitatu tu: imepanuka kiasi gani, kuko hewa huru, na nimfanyie nini sasa. Kila mustari ambao hausaidii moja ya hayo unaweza kutoka.

2. Nitajuaje kama ni utumbo mdogo na si koloni?

Angalia vitu viwili kwa pamoja, mahali na mikunjo. Utumbo mdogo unakaa katikati ya tumbo, koloni inazunguka pembeni. Mikunjo ya utumbo mdogo, zile valvula konniventi, inavuka ansi kutoka ukuta moja mpaka ukuta mwingine na iko karibu karibu, sana sana kwa jejunumu. Mikunjo ya koloni, zile haustra, mara nyingi inaishia katikati na iko mbali mbali. Ileumu haina mikunjo mingi kwa hiyo ansi ya ileumu inaweza kuonekana laini kabisa, na hapo njo stajere wengi wanaiita koloni. Kama ni laini lakini iko katikati na ziko nyingi zimepangana, fikiri ileumu kwanza.

Kisha pima. Kwa mtu mzima tunatumia 3, 6 na 9: utumbo mdogo ukizidi sentimita 3 umepanuka, koloni ikizidi 6, sekamu ikizidi 9. Pima ukuta wa nje mpaka ukuta wa nje, kwa ansi yenye upana mkubwa, na upime kukata ansi kwa mistari iliyonyooka, usipime kwa mshazari juu utapata namba kubwa ya uongo. Kwa yule mama ansi pana zaidi ilikuwa sentimita 4,2.

3. Nivo ngapi za hewa na maji zinatosha kusema okluzyo?

Hakuna namba ya uchawi, na tunaomba watu waache kuitafuta. Nivo inatokea kila mahali hewa na maji vimekaa pamoja na mgonjwa amesimama, kwa hiyo mtu mwenye kuharisha anakuwa nazo, mwenye ileusi ya kupooza anakuwa nazo, na ata mtu muzima mwenye afya anaweza kuwa na chache.

Kinachosaidia zaidi ni namna zinavyokaa. Nivo mbili kwa ansi moja zikiwa kwa urefu tofauti, moja juu moja chini, pamoja na ansi pana, inaongeza uzito wa okluzyo juu inaonesha kama utumbo ungali unasukuma maji dhidi ya kitu. Nivo yenye upana kupita sentimita 2,5 pia inaongeza uzito. Lakini hakuna ata moja ya hizo inayotosha yenyewe. Andika unavyoziona, weka pamoja na upana wa ansi na gesi ya koloni, kisha njo uamue.

Ukiona vipovu vidogo vya hewa vimejipanga kwa mustari kama shanga, usivipite. Ni hewa kidogo imebakia chini ya mikunjo wakati ansi imejaa maji karibu yote, na ni alama nzuri sana kwa picha ambayo watu wangeisoma kama haina kitu.

## Kuandika rapo yenyewe

4. Rapo inaanzia wapi, kwa ansi ao kwa karatasi ya ombi?

Kwa karatasi. Ukisoma "maumivu ya tumbo" peke yake, piga simu ao tembea mpaka urzanse, uliza mambo manne: alishaoperiwa tumbo, anapitisha gesi na choo, anatapika tangu lini, na kuko uvimbe kwenye nyonga ao kitovu. Majibu hayo njo yanageuza picha moja kuwa hitimisho tofauti. Mama mwenye sezariene mbili anakuelekeza kwa brida, yaani mishipi ya kovu ndani ya tumbo. Papa wa miaka 60 ambaye hajawahi kupasuliwa, ansi ni zilezile, lakini akili inaenda kwanza kwa herni.

Kisha angalia kama picha inatosha. Chini inapashwa kufika mpaka chini ya mufupa wa pubisi na kuonesha nyonga zote mbili, juu inapashwa kuonesha diafragma zote mbili kwa ile ya kusimama. Na alama ya kuume ao kushoto iwepo. Kama diafragma imekatwa huna ruhusa ya kuandika "hakuna hewa huru", unaandika kwamba diafragma haionekani na unaomba radio ya kifua amesimama.

5. Nioneshe rapo nzima ya yule mama.

Hii hapa, ndio urefu tunaoutaka:

> Uchunguzi: ASP, chali na kusimama.
>
> Sababu: Mama wa miaka 34, sezariene mbili. Maumivu ya kukaza masaa 30, anatapika kijani, hapitishi gesi tangu jana jioni.
>
> Ubora: Diafragma na nyonga zote mbili zinaonekana. Hakuna picha ya zamani ya kulinganisha.
>
> Vilivyoonekana: Ansi nyingi za utumbo mdogo zimepanuka katikati ya tumbo, pana zaidi sentimita 4,2, zenye valvula konniventi. Kwa kusimama kuko nivo tano, mbili kati yake ziko kwa ansi moja kwa urefu tofauti. Gesi kidogo kwa koloni ya kushoto, koloni haikupanuka. Hakuna gesi kwa rektamu. Hakuna hewa huru chini ya diafragma. Hakuna gesi kwa ukuta wa utumbo wala ndani ya ini. Hakuna ansi yenye gesi kwenye nyonga.
>
> Hitimisho: Picha inaendana na okluzyo ya utumbo mdogo. Kwa historia yake brida njo inawezekana zaidi, lakini picha haioneshi sababu. ASP haiondoi iskemia.
>
> Pendekezo: Dokta wa upasuaji amuone sasa. Skaneri ya tumbo yenye kontrasti ya mushipa kama inapatikana na hali inaruhusu.
>
> Mawasiliano: Dokta wa zamu ya upasuaji amejulishwa kwa simu, saa 22:40.

Angalia vile "vilivyoonekana" hakuna neno okluzyo ndani yake. Pale unaandika upana, mahali, mikunjo, gesi, na mtu mwingine akichukua picha ileile anaweza kuhakikisha kila neno. Maana yake inaingia kwa hitimisho. Stajere akichanganya hizo mbili, kwa mfano akiandika "ansi za okluzyo na nivo za brida", msomaji hajui tena kipi kimeonekana na kipi kimefikiriwa, na kama kesho brida haipatikani ku operasyo hakuna mtu anaweza kurudi kwa rapo kujua nini kilikuwa pale.

6. Mbona unaandika "hakuna" nyingi hivyo kama rapo ni fupi?

Juu hizo tano njo zinabadilisha haraka ya operasyo. Hewa huru ina maana utumbo umetoboka. Gesi ndani ya ukuta wa utumbo ao kwa mishipa ya ini, kwa mgonjwa wa okluzyo, inatutisha juu ya ukuta uliokosa damu. Gesi kwenye nyonga ni herni. Rektamu bila gesi inasaidia kusema njia imefungwa. Na koloni isiyopanuka inaondoa kizuizi cha chini kwa koloni, japo kwa tahadhari, angalia swali la 10.

Zile "hakuna" zingine, kama figo kawaida, mifupa kawaida, psoasi inaonekana, andika tu kama umeangalia kweli na zina maana kwa mgonjwa huyo. Kujaza rapo kwa "kawaida" ambazo haukuangalia ni hatari, juu mtu anaweza kuzitegemea.

7. Niandike "okluzyo" ao "inaendana na okluzyo"?

Kama ansi ni pana, katikati, koloni imeshuka, nivo kwa urefu tofauti, na mgonjwa anatapika na hapitishi gesi, andika "inaendana na okluzyo ya utumbo mdogo" bila kuogopa. Kama kuko kimoja tu, mfano ansi moja ya sentimita 3,2 na gesi mpaka rektamu, andika unachoona kisha "haitoshi kuthibitisha, tunapendekeza picha ingine kisha masaa machache ao skaneri". Usiandike "okluzyo haiondolewi" kwa kila picha kama ngao, dokta akizizoea hizo ataacha kuzisoma.

## Pale picha inadanganya

8. Picha haina gesi kabisa, tumbo ni jeupe. Ni kawaida?

Hapana, na hii ndio tunaiogopa zaidi. Ansi zikijaa maji peke yake, bila hewa, hazionekani kwa radio, juu maji na nyama zinafanana. Hewa nyingi ya tumbo tunaimeza, kwa hiyo mgonjwa ambaye ametapika sana ao ambaye amewekewa sonda ya pua mbele ya picha anaweza kuwa na okluzyo nzito na radio ikaonesha kivuli cheupe tu. Ansi iliyofungwa pande mbili inaweza kujaa maji na kuonekana kama uvimbe katikati ya tumbo.

Kama mgonjwa anatapika, tumbo limevimba na picha haina gesi, rapo iseme wazi: "gesi kidogo sana, ansi zilizojaa maji haziondolewi". Hapo ekografi inasaidia sana, na karibu kila hospitali kubwa ya huku iko nayo: inaonesha ansi zenye maji kupita sentimita 2,5 na maji yanayoenda yanarudi ndani yake bila kusonga mbele.

Ndio maana pia tunapenda picha ipigwe mbele ya sonda, lakini mgonjwa anayetapika na yuko hatarini hangoji picha, sonda iwekwe na uiandike kwa rapo pamoja na mahali ncha yake iko.

9. Ninaweza kuchanganya na ileusi ya kupooza?

Ndiyo, kila siku. Kwa ileusi gesi iko kila mahali, utumbo mdogo na koloni, mpaka rektamu, na hakuna mahali ambapo upana unabadilika ghafla. Kwa okluzyo kuko mgawanyo: juu pana, chini pembamba. Historia inasaidia kushinda picha hapa. Mgonjwa wa siku ya tatu kisha operasyo, ao mwenye potasyumu ya chini, tumbo limenyamaza ku stetoskopu, hana maumivu ya kukaza, huyo ni ileusi mpaka ithibitishwe vingine. Maumivu yanayokuja na kuondoka na tumbo linalonguruma yanaelekea okluzyo, ingawa kwa okluzyo iliyochelewa utumbo unachoka na unanyamaza pia.

10. Koloni iko na gesi, mbona bado mnaita okluzyo?

Juu gesi ya chini ya kizuizi haitoki saa ileile imefungwa, inachukua muda kutoka, na kama kizuizi ni cha nusu inaendelea kupita kidogo kidogo. Yule mama alikuwa na gesi kidogo kwa koloni ya kushoto na bado picha iliendana na okluzyo. Kinyume chake, wagonjwa wanaotoka mbali, Idjwi ao ndani ya Walungu, wanafika mara nyingi siku ya pili ao ya tatu, na kwao koloni imeshakauka kabisa. Kwa hiyo soma gesi ya koloni pamoja na masaa ya ugonjwa, na ndio maana masaa yanaandikwa kwa mustari wa sababu.

Kumbuka pia kwamba uchunguzi wa kidole kwa rektamu ao enema inaweza kuingiza hewa pale. Uliza kama ilifanywa mbele ya picha.

11. Hewa huru ninaitafutaje kama mgonjwa hawezi kusimama?

Mlaze ubavu wa kushoto dakika 5 mpaka 10, mwangaza upigwe ulalo, hewa itapanda na kukaa kati ya ini na ukuta wa tumbo. Kushoto si bahati mbaya, ni kwa sababu ini iko kuume na gesi ya tumbo la chakula haitakuchanganya. Ata anayesimama inabidi akae wima dakika kadhaa mbele ya kupiga, juu hewa kidogo inahitaji muda kupanda.

Kwa picha ya chali peke yake tafuta ukuta wa utumbo unaoonekana pande zote mbili, ndani na nje, kama mustari mwembamba kati ya hewa na hewa. Jihadhari, ansi mbili pana zilizogusana zinaweza kuiga hii. Ukiwa na shaka usikate maneno, omba ubavu wa kushoto. Na kutokuona hewa hakuna maana utumbo haujatoboka.

## Visa vya pembeni

12. Kwa mtoto, 3-6-9 inatumika?

Hapana, hizo namba ni za mtu mzima. Kwa mtoto mchanga ata kutenganisha utumbo mdogo na koloni kwa radio ni vigumu, haustra bado hazijakomaa, kwa hiyo andika "ansi zimepanuka" bila kuzipa jina kama huna uhakika, na mpeleke haraka kwa dokta wa upasuaji wa watoto. Mtoto mchanga anayetapika kijani hangojei radio nzuri.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, huku kwetu fikiri askarisi. Minyoo mingi ikikaa ndani ya ansi yenye gesi inaonekana kama kamba nyingi zimesokotana ndani ya hewa. Ukiiona iandike kwa hitimisho, juu inageuza matibabu, na hapo ekografi inathibitisha vizuri: minyoo inaonekana kama mirija mirefu, na saa zingine inatembea mbele ya macho.

13. Nimetumiwa picha ya filimu ku WhatsApp, nipime vipi?

Usipime. Simu ikisogea karibu ao ikiinama kidogo, sentimita 3 na sentimita 4 zinabadilishana nafasi. Uliza yule mwenye filimu aweke rula juu ya filimu kwa negatoskopu na akuambie namba. Unaweza kusema kuhusu mikunjo, mahali pa ansi na mgawanyo wa gesi, na useme wazi kwamba umesoma kwa simu. Usiandike "hakuna hewa huru" kwa picha ya simu, mustari mwembamba wa hewa unapotea kirahisi. Na jina la mgonjwa lifunikwe mbele ya kutuma.

14. Skaneri haipo ao familia haiwezi kulipa. Pendekezo liseme nini?

Liseme kitu kinachowezekana. Kama mgonjwa ana homa, moyo unakimbia, tumbo gumu, maumivu yamekuwa ya kudumu bila kuachia, ao kuko herni isiyorudi, pendekezo si picha ingine, ni dokta wa upasuaji mara moja, hayo ni ya kliniki na picha haiwezi kuyapinga ata ikiwa inaonekana nzuri.

Kama hana hayo na inawezekana ni brida, wanamweka sonda, serumu, wanafuatilia mkojo na elektroliti, na dokta anamgusa tumbo tena kila masaa machache. Hapo mnaweza kupendekeza kontrasti ya kuyeyuka kwa maji kupitia sonda, tumbo la chakula likishatolewa maji kwanza, kisha ASP moja ndani ya masaa 24. Kontrasti ikifika koloni, uwezekano ni mkubwa okluzyo itafunguka bila operasyo. Isipofika, dokta anafikiria operasyo. Baryamu isitumike pale utoboko unashukiwa. Na kontrasti hiyo inavuta maji kuingia ndani ya utumbo, kwa hiyo serumu iwe imeshaanza mbele, na ikiingia kwa mapafu wakati mgonjwa anatapika inaumiza sana.

15. Picha ya pili nilinganishe nini?

Vitu vitatu: upana wa ansi ileile kwa namna ileile ya kupiga, gesi ya koloni imeongezeka ao imepungua, na kama kuko ansi moja ambayo haikusogea kabisa kati ya picha mbili. Ansi inayobakia mahali pamoja na umbo lilelile wakati zingine zinabadilika inatia shaka ya ansi iliyofungwa ao iliyoanza kufa, na hiyo haiandikwi tu, inapigiwa simu.

Jihadhari na upana unaopungua. Kama sonda imetoa lita moja usiku, ansi zitaonekana nyembamba ata kama kizuizi kingali pale. Andika kiasi cha sonda kwa mustari wa sababu ya picha ya pili, kisha njo useme kama imepungua.